Mbaazi, ng'ombe na kura za wakulima: safari ya Babati

Mimi ni afisa ugani wilayani Masasi. Kwetu mbaazi zinalimwa katikati ya mikorosho na mihogo. Babati zinalimwa ndani ya mahindi. Rafiki niliyesoma naye chuo yuko kwenye timu ya watafiti wa mbaazi kanda ya kaskazini. Aliponiambia kwamba mwezi wa Agosti wakulima wa kijiji kimoja upande wa Galapo watapita mashambani kuchagua aina za mbegu, nikaomba likizo nikaenda kwa gharama zangu. Simulizi hii nimeiandika baada ya kurudi, kutoka kwenye daftari na picha za simu.

Jumatatu: Arusha hadi Babati

Masasi hadi Dar na Dar hadi Arusha nayaacha, ni kukaa kwenye basi na kusubiri mizani. Arusha nilipanda basi la saa mbili asubuhi kwa shilingi 10,000. Barabara ni lami mwanzo hadi mwisho, kama kilomita 170. Makuyuni tulisimama watu wanunue mahindi ya kuchoma, pale njia ya Karatu inapochepuka, kisha tukashuka kusini kupitia Minjingu kwenye kiwanda cha mbolea.

Karibu na Magugu tairi la nyuma lilipasuka na la akiba halikuwa na upepo. Tulikaa pale zaidi ya saa nzima. Mama mmoja mwenye kibanda cha nyanya aliniita, "Njoo kivulini mwanangu, jua hilo litakuumiza kichwa." Akanipa maji, kisha bakuli la mbaazi mbichi zilizochemshwa na chumvi. Nikamuuliza kama ni za shambani kwake. Akasema hizo ni za ndani ya boma. Za shamba la nje ng'ombe walishaingia. Hela alikataa, nikanunua nyanya za 2,000. Maneno yake niliyaandika kwa sababu tu ya tabia ya kuandika, kumbe ndiyo yalikuwa habari ya wiki nzima.

Babati nililala gesti ya 20,000 karibu na stendi, maji ya moto kwenye ndoo. Mwezi wa Agosti beba sweta. Sisi wa kusini tunadhani baridi ni ya Makete tu, lakini upepo unaoshuka Mlima Kwaraa usiku hauna huruma.

Jumanne: kalenda ya majivu

Gari la watafiti lilikuwa limejaa, nikachukua bodaboda kwa 10,000 baada ya kupatana. Ni vumbi jekundu njia nzima, vaa barakoa. Ukifika kijijini, pita kwanza ofisi ya mtendaji na barua yako, hata kama mwenyeji wako ameshakutambulisha kwa simu. Mtendaji alinisainia kitabu cha wageni, akaagiza kijana anipeleke chini ya mti ambako watu walikuwa wameanza kukaa.

Nilitarajia kuanza na mashamba. Walianza na majivu. Kijana mmoja alichora ardhini kwa majivu mstari wenye vyumba kumi na viwili vya miezi, kisha wakulima wakajaza wenyewe: kokoto kwa mvua, majani kwa kazi za shamba, punje za mahindi kwa chakula kilichomo ndani, vipande vya samadi kavu kwa mahali ng'ombe walipo. Wanaume walichora yao, wanawake yao, mbali kidogo wasisikilizane. Mtafiti alikaa kwenye kigoda na kuuliza tu: "Hapa nini kinatokea? Na hapa?"

Kalenda hizo mbili zilifanana hadi Julai. Mahindi na mbaazi hupandwa pamoja mvua zikianza. Mbaazi hukua polepole chini ya mahindi, na mahindi yakishavunwa ndipo zinapata jua na kuanza kutanuka, zikitumia unyevu uliobaki ardhini. Aina ya muda mrefu huvunwa Agosti hadi Oktoba. Kalenda ya wanaume ilionyesha ng'ombe wakiingia mashambani mwezi wa Julai kula mabua ya mahindi, na hapo hawakuweka alama nyingine yoyote. Kwenye kalenda ya wanawake, mwezi uleule, palikuwa na rundo la majani ya kazi. Mtafiti alipouliza ni kazi gani, jibu lilikuwa: kulinda mbaazi. Wanawake na watoto wanashinda shambani kufukuza ng'ombe na mbuzi wa watu ambao mahindi yao yameshatoka.

Nimehudhuria mikutano mingi ya kilimo ambapo dodoso huuliza "changamoto zako ni zipi" na watu wakajibu pembejeo, bei na mvua, kwa mpangilio huohuo kila kijiji. Dodoso la namna hiyo lisingeitoa kazi ya kulinda. Ilitoka kwa sababu mwezi wa Julai ulikuwa mbele ya macho ya watu na chumba chake hakikuweza kuachwa kitupu.

Jioni mama mwenye nyumba niliyofikia alipika ugali na mboga ya maziwa, nikala hadi nikaona aibu. Rafiki yangu alinisimulia habari za Ukiriguru kule Mwanza, ambako miaka ya 1960 mchumi Michael Collinson alichunguza mashamba ya Wasukuma. Ushauri wa kitaalamu ulisema pamba ipandwe mapema. Wakulima waliichelewesha, na haikuwa ukaidi: mvua za kwanza zilikuwa za chakula, na mikono ya kupanda chakula na ya kupanda pamba ilikuwa ileile. Kutoka kazi za namna hiyo ndipo ilipokua desturi ya kuitazama kaya nzima, yaani mazao, mifugo, nguvukazi na fedha kwa pamoja, kabla ya kupendekeza mbegu au mbolea.

Jumatano: shamba mama na mashamba watoto

Huu ndio utaratibu wenyewe, nauelezea kwa kirefu kwa sababu nataka kuufanya Masasi.

Katikati ya kijiji kuna shamba mama. Humo aina zote tano zimepandwa na kurudiwa mara tatu, chini ya usimamizi wa watafiti: nafasi sawa, palizi siku moja, uzio wa miiba pande zote. Kisha kuna mashamba watoto. Kila mkulima mwenyeji amepewa aina mbili au tatu tu, amezipanda kwenye vipande vya mita 10 kwa 10 kando ya mbaazi zake za siku zote, na amezitunza anavyotunza shamba lake. Shamba mtoto halina marudio ndani yake. Wakulima wenyewe ndio marudio. Utaratibu huu ulipata umaarufu Malawi miaka ya 1990, kwenye majaribio ya Sieglinde Snapp na wenzake kuhusu rutuba ya udongo. Mama anakuambia aina ina uwezo gani ikitunzwa. Watoto wanakuambia inafanya nini kwa watu.

Aina zilipewa herufi badala ya majina, maana jina likishasifiwa redioni watu huchagua jina. Nilizijua baadaye. A ilikuwa ya kienyeji. B ilikuwa Mali, aina ya muda mrefu iliyoidhinishwa nchini mwaka 2002, punje kubwa nyeupe, inayostahimili mnyauko. C ilikuwa Tumia, ya muda wa kati, iliyoidhinishwa 2003. D na E bado ni namba tu kwa watafiti.

Tulianzia shamba la mzee mmoja ambaye mbaazi zake za kienyeji zilikuwa zimekauka kwa viraka. Alisema ni jua. Mtafiti hakubishana naye, alimuomba ang'oe shina moja bovu na moja zima. Chini ya shina bovu kulikuwa na mstari wa zambarau unaopanda kutoka kwenye udongo. Mtafiti alipolipasua kwa kisu kwa urefu, ndani palikuwa na michirizi myeusi; lile zima lilikuwa jeupe. Huo ni mnyauko wa fuzari, ukungu unaokaa ardhini na kwenye masalia ya mashina kwa miaka kadhaa. Jua hunyausha eneo zima lenye udongo mfupi, na jioni mimea hujaribu kuamka. Ukungu huua mmoja hapa na watatu pale, hata ardhi ikiwa na unyevu. Mzee alichukua kisu akapasua mashina mengine peke yake, kimya, kisha akaenda kupasua la B kwenye kipande cha jirani. Lilikuwa jeupe. Tangu hapo hakuhitaji kuambiwa kitu kuhusu B.

Kwa hiyo watafiti walikuwa sahihi kuhusu mnyauko. Matokeo ya msimu uliopita, waliyoyabandika kwenye manila ukutani mwa ghala, yalionyesha B ikiongoza kwa mbali kwenye shamba mama. Kwenye mashamba watoto B ilikuwa juu kwa baadhi ya watu na karibu na sifuri kwa wengine. Mtu asiyefika kijijini angeandika kwamba wakulima hawa hawakutunza vizuri. Rafiki yangu alichukua kalamu nyekundu akaweka alama kwenye kila shamba mtoto lililopo kando ya njia ya ng'ombe kwenda bwawani. Karibu mavuno yote mabaya ya B yalipata alama nyekundu. C kwenye mashamba hayohayo ilikuwa imevunwa kabla ng'ombe hawajazoea kupita.

Shamba mama lisingeweza kuonyesha hilo hata lirudiwe mara kumi, kwa sababu lilikuwa na uzio. Kijiji hiki kimoja kina makundi mawili ya wakulima yanayostahili ushauri tofauti, na mpaka kati yao si udongo wala mwinuko, ni njia ya ng'ombe.

Jambo moja kwa watakaojaribu utaratibu huu: angalia mwenyeji amekupa kipande gani. Wapo wanaotoa mahali palipokuwa zizi la zamani ili mgeni asiaibike, na wapo wanaotoa kona iliyochoka. Dawa yake ni mbaazi za mkulima mwenyewe kuwa kando kabisa ya kipande cha majaribio, na kuuliza miaka mitatu iliyopita palikuwa na nini. Ukilinganisha na wastani wa kijiji badala ya jirani wa hatua mbili, utapima samadi ukidhani unapima mbegu.

Mchana tulikula makande kwa mama ntilie pale senta, 2,000 sahani. Mtandao wa simu unapatikana juu ya kilima cha kanisa tu. Fedha taslimu toa Babati mjini.

Alhamisi: kura na sufuria

Kabla ya kuingia shambani kila kundi lilitaja vigezo vyake, na mtafiti akaviandika bila kuongeza cha kwake. Wanaume walitaja punje kubwa na nyeupe, uzito wa gunia, kutonyauka. Wanawake walitaja kuwahi kukomaa, kuiva haraka jikoni, utamu zikiwa mbichi, na mashina manene ya kuni. Kuni sikuzitegemea, ingawa hata kwetu zinapikiwa.

Rangi na ukubwa wa punje vina historia. Mzee mmoja alisema mnunuzi akifika anamwaga kiganja kimoja mezani na bei inatajwa hapohapo. Mbaazi za hapa zimekuwa zikienda India, na mwezi wa Agosti 2017 India ilipoweka ukomo wa tani 200,000 kwa mwaka kwa mbaazi kutoka nje, bei ilianguka hata Masasi. Nakumbuka magunia yaliyobaki ndani. Mama mmoja alidakia: "Mwaka ule tulizila sisi. Ndiyo maana nauliza kuhusu kupika."

Kura zilipigwa kwa mifuko iliyofungwa mbele ya kila kipande. Wanaume walikuwa na punje za mahindi, wanawake punje za maharage, kila mtu akipewa tatu za kuzigawa apendavyo. Mifuko ilikuwa na mdomo mwembamba, asione mtu kilichomo. Rafiki yangu aliniambia zamani walikuwa wakinyoosha mikono, na mwenyekiti akinyoosha wa kwanza kikao kimekwisha.

Mahindi mengi yalilala B, maharage mengi yalilala C. Lakini kazi kubwa ilikuwa baada ya kuhesabu, pale kila kundi lilipoombwa kueleza, na hapo wanawake wenye mashamba ndani ya uzio wa nyumbani wakasema wao pia walichagua B. Waliochagua C walikuwa wa kando ya njia. Mtu angechukua hesabu peke yake, angerudi ofisini na taarifa kwamba wanawake wanapenda aina ya muda wa kati. Si kweli. Wanapenda kuvuna walichopanda, na wanawake wengi zaidi ndio waliopewa mashamba ya kando ya njia.

C nayo ina gharama yake. Ilitoa maua mapema, na viwavi wa vitumba na kunguni wanaofyonza maganda waliikuta peke yake. Maganda mengi niliyoyafungua yalikuwa na tundu au punje iliyosinyaa. Aliyeichagua alijua hilo. Alisema kiwavi anamwachia nusu, ng'ombe hamwachii kitu.

Mchana yalikuja majaribio ya kupika: mafiga, sufuria zinazolingana, vikombe viwili vya mbaazi na maji sawa kwa kila aina. C ilikuwa ya msimu huu, imekauka tayari. B ilikuwa bado shambani, kwa hiyo watafiti walileta ya ghalani, ya mwaka jana. Bibi mmoja aliingiza mkono kwenye B, akatafuna punje moja, akasema hapana. Mbaazi iliyokaa mwaka inakuwa ngumu, itachelewa kuiva hata kama ni aina nzuri. Mkizipika leo mtakuwa mmepika umri wake. Wanawake wakakubaliana: tupike tuonje mchuzi, lakini alama za muda wa kuiva zisiandikwe hadi B ya mwaka huu ivunwe. Mtafiti alikata safu nzima kwenye karatasi yake mbele yao. Ni sahihi kabisa, jamii ya kunde iliyokaa ghalani huchukua muda zaidi kuiva. Na kwangu ushirikishwaji ni huo, mkulima kuwa na nguvu ya kufuta safu kwenye karatasi ya mtafiti.

Jioni walinipa jiko, nikapika C kwa nazi niliyotoka nayo Dar. Watoto walirudia mara mbili.

Ijumaa: nani atakata mabua?

Siku ya mwisho ilikuwa ya kupanga msimu ujao. Matatizo matano yalilinganishwa mawili mawili: mnyauko, ng'ombe, wadudu, bei, mbegu. Kila jozi watu walitakiwa kusema lipi lianze na kwa nini. Ng'ombe alishinda karibu kila jozi. Rafiki yangu alisema wazi kwamba mradi wao ni wa mbegu na mnyauko, hauna fedha za uzio. Watu hawakukasirika. Walisema hawajaomba uzio, wanaomba jaribio.

Walichokipanga ni hiki. Kitongoji cha juu kitakubaliana kwamba ng'ombe hawaingii mashambani hadi mwisho wa Septemba, na wenyeji wake watapanda B. Kitongoji cha chini kitaendelea kama kawaida, na wa kando ya njia watapanda C. Kitakachopimwa ni mavuno, siku za kulinda, na maziwa, kwa sababu mwenye ng'ombe naye ana hesabu yake. Maziwa yaliongezwa na mzee mwenye mifugo mingi aliyesimama na kuuliza ng'ombe wake watakula nini Agosti, nyasi zikiwa zimekwisha. Jibu la kikao lilikuwa mabua yakatwe na kurundikwa kando ya barabara, ng'ombe walishiwe pale. Wanaume wengi walitikisa kichwa kukubali. Mama mmoja akauliza, "Nani atakata?" Kikao kilikaa kimya kidogo, kisha wakaandika kukata mabua kwenye orodha ya vitu vya kupimwa: saa ngapi, na mikono ya nani.

Suala la mbegu lilichukua muda pia. Wenyeji wa mashamba watoto walitaka kutunza mbegu za vipande vyao. Mbaazi huchavushwa na nyuki, na vipande hivi vimepandwa bega kwa bega na ya kienyeji, hivyo mbegu yake msimu ujao itakuwa na mchanganyiko, na uwezo wa kustahimili mnyauko utapungua kidogo kidogo. Za kula chukua, za kupanda hapana. Kikundi kitapewa mbegu safi ya B walime peke yake, mbali na mbaazi nyingine, wakaguliwe na TOSCI, taasisi ya serikali ya kuthibitisha ubora wa mbegu, na kuuza ndani ya wilaya kama mbegu za daraja la kuazimiwa ubora.

Nilishuka Babati na lori la mchanga. Dereva alikataa nauli kwa sababu, alisema, mgeni wa mbaazi ni mgeni wake. Nikarudi kwa njia ya Kondoa na Dodoma, lami nzuri.

Ukitaka kwenda kuona uchaguzi kama huu, nenda Agosti, maganda yakiwa yamejaa na ya muda wa kati yakiwa yamekauka. Juni utaona mahindi tu. Kaa siku zote nne au tano, usiende siku ya kura peke yake. Bajeti ya kulala, kula na bodaboda ni kama 45,000 kwa siku, pungufu ukifikia kijijini, na ukifikia kwa watu peleka sukari na mchele badala ya fedha.

Masasi nimeshachora ramani ya kata yangu na njia za mifugo, maana wafugaji wameongezeka kwetu pia, na mashamba watoto ya mwaka huu yatagawanywa kwa kufuata njia hizo. Juzi rafiki yangu amenipigia. Kitongoji cha juu wamepitisha tarehe 30 Septemba kwenye mkutano wao, na faini juu yake. Cha chini bado wanabishana kuhusu mabua.